Si kamba wa mezani, ni kamba ya baharini

"Shikamoo Mama. Jana niliogelea Bamburi, nikahisi kitu kinanichoma pajani nikiwa bado majini. Nikajisugua kwa mchanga, nikaoga maji ya bomba, ndiyo kwanza yakazidi. Leo nina mistari myekundu iliyovimba kama nimechapwa bakora. Rafiki yangu anasema ni aleji ya wale kamba tuliokula kabla ya kuogelea. Nitajuaje, na nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Mwambie rafiki yako kamba hawana hatia. Picha uliyonitumia nimeikuza mpaka nikaona ninachokitafuta: mistari mitatu, mmoja umejikunja kuelekea nyuma ya goti, na juu ya kila mstari kuna vidoa vimepangana kama shanga zilizotungwa. Hiyo ni alama ya kuguswa. Mnyiri wa yavuyavu, yule kiumbe wa baharini aliye laini kama jeli, ulikupitia mwilini mwembamba kama uzi, na kila palipo na shanga ndipo ulipokuchoma. Aleji ya chakula hutoka ndani kupitia damu, kwa hiyo haijui kuchora mistari. Ingekutoa mabaka popote, tumboni, mgongoni, hata chini ya nguo ya kuogelea, na mara nyingi pande zote mbili za mwili.

La pili ni namna ulivyohisi. Yavuyavu huuma papo hapo, mtu hupiga kelele kabla hajafika ufukweni. Mabaka ya aleji huwasha kama upupu, maumivu si shida yake kubwa. Na yana tabia ya kuhama. Ukitaka kuhakikisha, chukua kalamu ya wino uzungushe mstari mmoja, kisha utazame kesho saa kama hii. Baka la aleji kwa kawaida halikai mahali pamoja zaidi ya siku nzima. Linafifia hapa, jingine linatoka kwingine. Mistari yako utaikuta palepale ndani ya duara. Nilikuwa nikiwafanyia hivi wagonjwa wangu kwa kalamu ya buluu ya ofisini, wakidhani nawachezea.

Kuna upele mmoja mwingine wa bahari unaochanganya watu, nao ni vipele vidogo vyenye kuwasha ambavyo hutoka saa kadhaa baadaye, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Hao ni watoto wa yavuyavu walionaswa kati ya nguo na ngozi. Wako si huo, maana paja lilikuwa wazi.

Aliyekuuma simjui kwa jina, sikuwepo. Lakini mistari mirefu ya shanga namna hii hunipeleka kwa jamaa mmoja wa yavuyavu, lile puto dogo la buluu linaloelea juu ya maji, ambalo upepo wa kuelekea pwani hulileta kwa wingi. Puto lenyewe laweza kuwa dogo kuliko kiganja, na minyiri yake ikaburuta nyuma mita kadhaa. Ndiyo maana hukuona kitu. Hata lililokauka mchangani usilishike, bado linauma.

Sasa kwa nini mchanga na maji ya bomba vilizidisha? Kila mnyiri una maelfu ya vifuko visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko kuna uzi wenye ncha uliojikunja kama springi, umejaa sumu. Ukiguswa, vingine hufyatuka, lakini vingi hubaki vimenata kwenye ngozi vikiwa havijafyatuka. Ukisugua kwa mchanga, unavibonyeza. Ukimwaga maji baridi ya bomba, yasiyo na chumvi, maji huingia ndani ya kifuko, kikavimba na kufyatuka. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo nikiwa muuguzi mpya. Waliniletea kijana mvuvi, nikamfungulia bomba mkononi kwa huruma zangu zote, akaruka kutoka kwenye kiti. Mzee aliyemleta akaniambia, "Binti, ungemwogesha maji alikotoka." Alikuwa sahihi.

Ikikutokea tena, toka majini kwanza, kwa sababu maumivu ya ghafla yanaweza kumzamisha hata anayejua kuogelea. Mwaga maji ya bahari palipouma bila kusugua. Minyiri iliyobaki ing'oe kwa kibano au kwa mkono uliofunikwa mfuko wa plastiki, ukiinyanyua. Usiikwangue kwa kadi ya benki kama wanavyofundishana watu, huko ni kubonyeza tena. Mkojo nao waachie watani.

Ngozi ikishakuwa safi, ndipo maji moto yanapofanya kazi, kwa kuwa joto huiharibu sumu yenyewe. Australia walilijaribu jambo hili kwa walioumwa na puto la buluu: baada ya dakika 20 za maji ya nyuzi 45, asilimia 87 walisema maumivu yamepungua, na kwa waliowekewa barafu ni asilimia 33. Huna kipimajoto? Kikombe kimoja cha maji yaliyochemka sasa hivi, vitatu vya bomba la Mombasa, utakuwa karibu na hapo. Jaribu kwa mkono usioumwa kwanza, kwa sababu palipochomwa hapapimi joto vizuri na unaweza kujibabua. Mguu au mkono unautumbukiza. Paja, tumia bafu la maji moto au taulo unayoilowesha upya kila inapopoa. Maji moto yakikosekana, barafu ndani ya kitambaa si haba.

Siki? Kwa yavuyavu wa umbo la sanduku inasaidia, huvizuia vifuko visifyatuke. Kwa puto la buluu wataalamu bado wanabishana, ndiyo maana mimi huanza na maji ya bahari na joto.

Kwa leo, siku imeshapita na sumu imeshafanya yake, kwa hiyo tunatuliza ngozi tu. Paka krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kidogo mara mbili kwa siku, pasipo malengelenge wala kidonda. Usiku kama panawasha, meza setirizini moja ya miligramu 10. Ukihisi mtoki umevimba kinenani, usishtuke, ni sumu kupita njia zake na utanywea siku mbili tatu. Usikune. Makucha yakipasua ngozi, wekundu ukatanuka nje ya mstari, pakawa pa moto na kutoa usaha, hapo umeshapata jingine la kutibiwa.

Kitu kimoja rafiki yako amekisema bila kujua: mtu anaweza kuwa na aleji ya sumu ya yavuyavu yenyewe. Midomo ikivimba, sauti ikikwama kooni, pumzi ikabana, mabaka yakienea mbali na palipoumwa, kutapika au kuzimia, hiyo si ya krimu wala maji moto. Ni hospitali mbio, na dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, setirizini haitoshi. Vivyo hivyo kwa aliyeumwa jichoni, mtoto mdogo aliyeumwa eneo kubwa, au mtu anayeshikwa na maumivu makali ya mgongo na kifua muda mfupi baada ya kuumwa.

Mistari itageuka ya kahawia, na inaweza kukaa wiki kadhaa. Usiipake ndimu wala limau ukidhani unaitoa, jua likikuwakia hapo utapata alama mbaya zaidi. Na wiki moja au mbili zijazo, ikianza kuwasha tena palepale kama imezinduka, usianze kumtafuta yavuyavu mpya kitandani. Ni mwili unaikumbuka sumu ile ile. Rudia krimu, na nitumie picha.

Mamako