Kwa nini bahari hurudi nyuma kabla ya tsunami, na kwa nini wakati mwingine hairudi

Swali: Hapa kwetu Pangani watu husema kwamba tetemeko hufungua ufa chini ya bahari, ufa unayameza maji, kisha unayatapika. Je, ndiyo sababu maji hukauka ufukweni kabla ya tsunami? Na nikiona bahari haijarudi nyuma, niwe na amani?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna maji yanayomezwa. Kinachotokea ni kwamba sakafu ya bahari hubadilika umbo ghafla, na maji yaliyo juu yake hubadilika nayo. Nitaeleza kwa tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 karibu na Sumatra, kwa kuwa mkasa huo mmoja unajibu maswali yako yote mawili.

Magharibi ya Sumatra, bamba la miamba lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi huzama polepole sana chini ya bamba la upande wa mashariki. Mahali yanapogusana, mabamba hayo hushikamana kwa mamia ya miaka, na ukingo wa bamba la juu huburutwa chini kidogo kidogo, huku sehemu iliyo nyuma yake ikibinuka juu. Siku mshikamano huo ulipoachia, kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ukingo uliruka juu kwa mita kadhaa na sehemu ya nyuma, iliyokuwa imebinuka, ikashuka. Eneo lililosogea ni pana mno ikilinganishwa na kina cha bahari, kwa hiyo maji hayakupata nafasi ya kukimbilia pembeni. Uso wa bahari ulichukua umbo lilelile la sakafu, yaani mwinuko upande wa magharibi na bonde upande wa mashariki.

Umbo hilo ndilo lililosambaa kama mawimbi. Waliokuwa mashariki, kama watu wa Phuket nchini Thailand, walifikiwa kwanza na bonde, na bonde la wimbi likifika ufukweni huonekana kama bahari inayojiondokea, ikiacha samaki na matumbawe makavuni. Waliokuwa magharibi, kama watu wa Sri Lanka na India, walifikiwa kwanza na mwinuko, wala bahari haikuwatangulia kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo kurudi kwa bahari ni dalili ya kweli, ila kutokurudi si dalili ya usalama. Hapo ndipo ningependa uweke mkazo, kwa sababu mafunzo mengi hutaja nusu ya kwanza peke yake.

Hata Sri Lanka bahari ilirudi nyuma, na mbali sana, lakini baada ya wimbi la kwanza. Kule Peraliya wimbi hilo lilisimamisha garimoshi lililojaa abiria, na wakazi wa jirani wakapanda ndani wakidhani ni mahali pa salama. Wimbi lililofuata, kubwa zaidi, liliyapindua mabehewa, na zaidi ya watu elfu moja wakafa hapo. Tsunami ni mfululizo wa mawimbi, na kati ya kilele kimoja na kingine zinaweza kupita dakika 20, 30 au zaidi.

Penye kina cha mita 4,000 wimbi hukimbia kwa takriban kilomita 700 kwa saa, lakini kimo chake ni kidogo, hata baharia hawezi kulihisi. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi. Likifika penye mita 10, mwendo hushuka hadi kilomita 36 hivi kwa saa. Sehemu ya mbele hupunguza mwendo huku ya nyuma ikiendelea kuja kwa kasi, maji yakajibana na kupanda juu.

Tetemeko kubwa si lazima lizae tsunami kubwa. Tarehe 11 Aprili 2012, karibu na eneo lilelile, lilitokea tetemeko la kipimo cha 8.6, lakini miamba iliteleza kwa mlalo badala ya kupanda, na mawimbi yakawa madogo.

Kwa Pangani, mnaojua saa za maji kuliko sisi wa maabara, kipimo ni hiki: kupwa kwa kawaida huchukua kama saa sita, ilhali bahari ya tsunami huondoka kwa dakika chache, hata wakati maji yanapaswa kujaa. Ukiona hivyo, panda mwinuko mara moja na ukae huko kwa saa kadhaa. Kwa tetemeko la Sumatra, hata hivyo, pwani yetu iko upande wa magharibi, hivyo tarajieni maji kupanda kwanza, bila ardhi kutikisika mkasikia. Mwaka 2004 mawimbi yalichukua zaidi ya saa saba kufika Somalia na bado yaliua watu wapatao 300. Taarifa ya redio ingewafikia mapema kuliko dalili yoyote ya baharini.