Kadi za nyeusi na nyeupe: usizibandike ukutani

"Habari wadau. Nina mtoto wa kiume wa wiki tatu, tupo Buswelu, Mwanza. Nimenunua kadi za nyeusi na nyeupe, leo nataka kuzibandika ukutani upande anaolala azione muda wote mimi nikifanya kazi. Na kumlaza tumbo nianze lini, dakika ngapi?"

Mdogo wangu, weka hiyo gundi chini kwanza. Usibandike.

Mwanangu wa kwanza tulimbandikia. Chumba chetu kule Kirumba kilikuwa kidogo, kitanda kimegusana na ukuta, dirisha upande huohuo wa kulia, na kadi tukazipanga hapohapo kwa ndani ya chandarua. Dada aliyetuuzia alisema maneno ambayo nadhani na wewe umeambiwa: bandika, mtoto ataangalia mwenyewe, wewe endelea na shughuli zako. Na kweli aliangalia. Aliangalia kulia mchana, usiku akageukia kulia kwa mazoea, nikimnyonyesha titi linalomtaka ageuke kushoto analia, analiachia. Nikasema titi lile maziwa yake kidogo. Titi lilikuwa zima, ila shingo ilikuwa imeanza kukaza.

Mtoto mchanga tangu anazaliwa huwa na upande anaoupenda, na wengi hupenda kulia. Hilo peke yake halina ubaya. Ubaya ni ukichukua kila kitu kinachomvutia, mwanga wa dirisha, kadi, na wewe mwenyewe unayelala pembeni yake, ukakipanga upande huohuo. Fuvu lake bado ni laini kama udongo wa mfinyanzi ambao haujachomwa. Analala chali saa nyingi, na ndivyo inavyotakiwa, kulala ni chali usiku na mchana. Kwa hiyo uzito wote wa kichwa unakaa sehemu moja ya kisogo, na sehemu hiyo inabonyea. Ikishabonyea, kichwa kinaangukia hapo chenyewe hata ukikigeuza. Huku msuli wa shingo unaofupika haunyooshwi, unazidi kukaza.

Nilikuja kugundua siku namuogesha. Nimemkalisha kwenye beseni, mkono mmoja kifuani, namwagia maji kisogoni, nikaangalia kichwa kwa juu. Upande wa kulia nyuma umelala bapa, nywele zimeisha hapo tu, na sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Ukimtazama usoni huoni kitu. Ni kwa juu ndiyo unaona.

Kuna mama mtu mzima hapo jirani, namheshimu, akaniambia kichwa kitajiunda chenyewe, mwingine akaleta maji ya moto nikikande. Wiki zikaenda. Kukikanda hakusaidii na kunaweza kumuumiza mtoto, usikubali hata kama anayekwambia ni bibi yake. Kilichosaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, na tukaanza safari za daladala kwenda na kurudi na mtoto analia njia nzima, kwa jambo ambalo kadi moja mkononi ingelizuia. Yule muuzaji nilipomrudia akanijibu kadi zake hazina tatizo. Kadi hazina tatizo kweli! Tatizo ni kumwambia mzazi wa mtoto wa wiki tatu kwamba kadi inaweza kumshikia zamu. Hilo bado linaniuma, ndiyo maana naandika hivi.

Sasa shika hili moja: kadi inakaa mkononi mwako, na inampeleka mtoto upande asioupenda.

Namna yenyewe iko hivi. Umri huo anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 mpaka 30 kutoka usoni, yaani umbali wa titi na uso wako. Kadi ya ukutani mbali ya hapo kwake ni ukungu. Na picha ziwe nene: mistari minene kama kidole, duara moja, uso wenye macho mawili. Yale maua yenye vimistari vyembamba anayaona kijivu tu. Hata ukichora mwenyewe kwenye boksi kwa kalamu nyeusi ya wino mzito inatosha. Mshike akiwa macho na ametulia, kadi iwe katikati, tulia mpaka uone ameinasa: anaacha kurusha mikono, macho yanakodoka. Ndipo uisogeze polepole sana kwenda upande asioupenda. Macho yataenda kwa kurukaruka, ni kawaida, kufuata vizuri bila kukatika kunakuja kuelekea miezi miwili, mitatu. Macho yakifika pembeni, subiri. Kichwa kinafuata baadaye. Akipiga miayo, akipata kwikwi, akigeuza uso, hapo amechoka, acha.

Kumlaza kifudifudi anza leo. Ya kwanza kabisa ni kifuani kwako, wewe umeegemea mto, yeye tumbo lake juu yako, atainua kichwa akutafute. Dakika 3 mpaka 5, mara mbili tatu kwa siku, akiwa macho na wewe upo. Usifanye ametoka kunyonya, atatapika. Sisi tulikuwa tunafanya akishabadilishwa nepi. Akizoea unahamia chini: mkeka na kanga iliyokunjwa, bila mto, na siyo kwenye godoro la sponji maana uso unazama. Akifika miezi miwili jumla ya siku iwe kati ya dakika 15 na 30, kisha uzidi kuongeza, maana Shirika la Afya Duniani linataka zisipungue 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hatambai, ukizigawa vipandevipande. Akisinzia katikati, mgeuze chali papo hapo.

Na hapo chini ndipo kadi inapofanya kazi yake kubwa. Isimamishe sakafuni kwa kuiegemeza kwenye kikombe, iwe chini kabisa usawa wa macho yake, maana bado hawezi kuinua kichwa juu. Iweke kidogo pembeni, upande asioupenda. Wetu mwanzoni alikuwa anasugua pua kwenye kanga na kufoka, tunamwacha sekunde chache, tunamgeuza, tunarudia baadaye. Mwezi wa pili kichwa kikaanza kunyanyuka vizuri, wa tatu akasimamia viwiko, na shingo ikawa inageuka kote.

Kitandani geuza unakoelekeza kichwa: leo kichwani, kesho miguuni, ili wewe na dirisha mhamie upande wa pili wake. Usimwekee mto wa kurekebisha kichwa, ni hatari ya kukosa hewa. Na kadi ya ndani ya chandarua, mbali na hayo yote, gundi inaachia kwa unyevu huu wa ziwani. Ya kwetu niliwahi kuikuta chini ya shavu lake.

Ukiona hawezi kabisa kugeuka upande mmoja hata ukimvuta kwa kadi na sauti, au unapapasa kivimbe kigumu pembeni mwa shingo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda wiki hii, omba kuelekezwa kwa fiziotherapia. Mazoezi ya kunyoosha shingo ufundishwe kwa mkono, usijaribu mwenyewe. Wakiwahiwa kabla ya miezi mitatu, minne wengi wananyooka kwa kugeuzwageuzwa tu.

Leo akiamka muangalie kwa juu, masikio yote mawili, kisha mlaze chali katikati ya kitanda uone kichwa kinaangukia wapi chenyewe. Rudi hapa uniandikie ni upande gani, na kitanda chako kimekaaje na dirisha liko wapi, tukipange.