Wateja wangapi kwa mwezi ndipo saluni ijilipe: hesabu ya fremu moja ya Majengo, Moshi

Binti niliyemfundisha kazi alipopata fremu yake Majengo, alinijia na karatasi. Alikuwa ameandika kwamba akipata wateja 57 kwa mwezi, saluni inajilipa yenyewe. Hao ni wawili na kidogo kwa siku. Alifurahi sana, nami nikamwomba tukae tuirudie mstari kwa mstari kabla hajampa mwenye nyumba hela. Ninaiweka hapa jinsi tulivyoifanya, kwa ajili yako unayetaka kufungua ya kwako.

Njia yenyewe ni fupi. Unajumlisha gharama ambazo lazima uzilipe hata asipoingia mtu. Kisha unatafuta kiasi kinachobaki mkononi kwa kila mteja, ukishatoa vifaa alivyotumia na fungu la msusi. Unagawa cha kwanza kwa cha pili. Jibu ni idadi ya wateja ambayo hupati faida wala hasara. Ugumu hauko kwenye kugawa, uko kwenye namba unazoziingiza.

Gharama zake za kila mwezi aliziandika hivi: kodi ya fremu 180,000, mshahara wa msaidizi anayeosha nywele na kufagia 150,000, mlinzi na taka 30,000, leseni na kodi ya mapato 40,000 baada ya kugawa ya mwaka kwa 12. Jumla 400,000. Nikamuuliza, wewe mwenyewe utakula nini? Hakuwa amejiwekea chochote. Tukaongeza 300,000 yake, maana ndiyo aliyokuwa akiipata kwa kazi ya kuajiriwa na anaiacha. Halafu draya, stima, sinki na viti vilimgharimu 2,400,000. Vitu hivyo vinachakaa. Tukavipa miaka minne, ikawa 50,000 kwa mwezi. Jumla mpya ni 750,000.

Upande wa mteja ndiko alikokosea zaidi. Alichukua bei nne za ubaoni: kuosha na kuseti 8,000, kusuka mistari 6,000, dawa 20,000, rasta 30,000. Akazijumlisha, akagawa kwa nne, akapata 16,000. Lakini wateja hawaji kwa mafungu sawa. Nilifungua daftari langu tukahesabu watu 100 wa mwisho: 40 waliosha na kuseti, 30 walisuka mistari, 20 walipaka dawa, 10 tu walisuka rasta. Ukizidisha kila fungu kwa bei yake unapata 1,200,000, yaani 12,000 kwa kila mtu. Hapo hapo shilingi 4,000 za kila mteja zikayeyuka. Kama huna daftari lako, mwombe mtu unayefanya kazi kwake akuruhusu uandike kila anayeingia kwa majuma mawili. Achana na wiki za sikukuu.

Vifaa usivikisie. Chukua dumu la shampuu, andika tarehe uliyolifungua na bei uliyonunulia, kisha piga alama kila kichwa kinachooshwa hadi liishe. Dumu la 20,000 likiosha vichwa 50, kila kichwa ni 400. Fanya hivyo kwa kondishna, dawa, jeli na glavu. Umeme wa draya na maji ya moto nauweka hapa pia, kwa sababu LUKU inaisha haraka watu wakiwa wengi. Kwake tulipata 1,200 kwa kuosha na kuseti, 400 kwa mistari, 5,000 kwa dawa, na 9,000 kwa rasta kwa kuwa pakiti tatu anazitoa yeye. Kwa mchanganyiko ule wa watu 100, wastani ni 2,500. Endelea kupiga alama hata baada ya kufungua. Dumu lililokuwa linafika vichwa 50 likianza kuishia 38, ama mkono wa msaidizi umekuwa mzito, ama kuna vichwa vinaoshwa bila kuandikwa.

Sasa msusi. Hapa Moshi wengi hulipwa kwa asilimia, naye alikuwa amekubaliana na wasusi wawili 40 kwa 100. Asilimia 40 ya 12,000 ni 4,800. Toa na vifaa 2,500, mkononi panabaki 4,700. Gawa 750,000 kwa 4,700: ni wateja 160. Zaidi ya sita kila siku kwa siku 26 za kazi. Kutoka 57 hadi 160. Alinyamaza muda mrefu.

Angalia lakini hiyo 40 inatolewa kwenye nini. Rasta ya 30,000 ina pakiti za 9,000 ndani yake, hela ya dukani. Msusi akichukua 40 ya 30,000 yote, unampa 3,600 kutoka kwenye pakiti ulizonunua wewe. Nilimshauri arudi kwa wasusi wake kabla ya kuanza, wakubaliane kwamba vifaa vinatolewa kwanza, kisha 40 ya kinachobaki. Kwa wastani 9,500 zinabaki, msusi anapata 3,800, saluni 5,700. Gawa tena: wateja 132, watano na kidogo kwa siku. Ni haki kwa pande zote mbili, ila ukilileta jambo hili wameshazoea mgawanyo wa kwanza, utawapoteza.

Akaniuliza, dada, je nikiwapa mshahara? Tukajaribu 250,000 kila mmoja, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF ndani yake. Gharama za kudumu zinapanda hadi 1,250,000, lakini kila mteja anaacha 9,500 nzima. Jibu ni 132 vilevile. Namba moja, hatari tofauti kabisa. Mwezi wa wateja 80, kwa asilimia anapungukiwa 294,000, kwa mshahara anapungukiwa 490,000. Mwezi wa wateja 200, kwa asilimia anabaki na 390,000, kwa mshahara 650,000. Mji wetu unajaa Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, na Januari ada za shule zinakausha mifuko. Anayeanza bila akiba hawezi kubeba Januari ya mishahara, kwa hiyo akabaki na asilimia.

Tukapima pia kama wateja 132 wanafanyika. Ukichukua muda wa kila huduma kwa mchanganyiko wetu, mteja mmoja anakula karibu saa moja na dakika 48 za msusi. Jumla ni saa 238 kwa mwezi, na wasusi wawili wana saa 416. Inatosha, ila nusu ya watu huja Ijumaa na Jumamosi. Hao ni kama wanane kwa siku, saa 14 na nusu za kazi kati ya saa 16 zilizopo. Rasta moja ya saa tano ikiingia Jumamosi asubuhi bila kupangwa, wengine watasubiri, wachoke, waondoke. Rasta akazihamishia Jumanne na Jumatano.

Kodi mwenye nyumba aliitaka ya miezi sita, 1,080,000 kwa mkupuo. Kwenye hesabu ni 180,000 kwa mwezi, lakini mwezi wa sita inadaiwa yote. Kwa wateja 132, kila mmoja amebeba karibu 1,400 ya fremu. Jioni, kabla ya kugawana chochote, anahesabu vichwa vya siku, anazidisha kwa 1,400, na hela hiyo inaingia laini ya simu ambayo haitumii kwa kitu kingine.