Vizibo vya shilingi ishirini vilivyosimamisha kiwanda: jinsi ninavyopima muda wa kupona na muda wa kuhimili

Nafanya manunuzi kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa, upande wa Barabara ya Nyerere hapa Dar. Tunatoa katoni 1,500 kwa siku, kila moja chupa 12, kwa hiyo tunakula vizibo 18,000 kila siku ya kazi. Jumatatu moja ya Februari, joto la kuunguza na wateja wamepanga foleni getini, fundi wa kiwanda kinachotuuzia vizibo akanipigia.

"Dada, moldi imepata ufa. Tupe wiki moja tu."

Moldi ndicho kile chuma kinachokipa kizibo umbo. Nikafungua leja ya stoo. Ripoti niliyokuwa nikimpelekea bosi kila mwezi ilisema tuna vizibo vya siku 8. Nikaenda kuhesabu maboksi mwenyewe na mzee wa stoo: vizibo 54,000. Siku 3. Katoni zilizojazwa tayari zilikuwa 4,500, siku 3 nyingine. Jumla 6. Ile "wiki moja tu" ilikuja kuwa siku 26 za kazi, kwa sababu moldi ilibidi isafirishwe nje ya nchi kutengenezwa.

Mbadala? Kulikuwa na mtu hapahapa mjini mwenye vizibo vimejaa ghala, ila vyake ni vya milimita 28, vile vya chupa za soda. Shingo ya chupa yetu ni milimita 30. Haviingii hata ukivilazimisha. Ili kuvitumia ungebadilisha prifomu zote, yaani vile vichupa vya plastiki vinavyopulizwa kuwa chupa, na vichwa vya mashine ya kufungia. Mwishowe tukapata Nairobi, na mzigo ukaingia stoo siku ya 17 tangu simu ile. Siku 11 hatukuwa na cha kuuza.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kupima vitu viwili kwa kila msambazaji ambaye akikosekana sisi tunasimama. Cha kwanza ni muda wa kupona: tangu mzigo ukatike hadi mzigo unaofaa uanze tena kuingia kwa kiwango cha kawaida, uwe umetoka kwake au kwa mwingine ambaye tumeshamkubali. Cha pili ni muda wa kuhimili: tangu mzigo ukatike hadi siku ya kwanza mteja anapokosa bidhaa. Kupona kukizidi kuhimili, hapo kuna pengo, na pengo hilo ndilo siku utakazokaa bila mauzo. Njia hii ilienezwa na Profesa David Simchi-Levi wa MIT, aliyeifanyia kazi na kampuni ya magari ya Ford. Waligundua kwamba baadhi ya wasambazaji wanaoweza kuiumiza kampuni zaidi ni wale inaowalipa hela ndogo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Vizibo ndivyo vilikuwa mstari wa chini kabisa kwenye jedwali langu la matumizi.

Nianze na kuhimili, maana ndiko nilikokosea zaidi. Zile siku 8 za kwenye ripoti zilikuwa wastani. Mzigo wetu huja kila baada ya siku 12 za kazi, na siku moja kabla haujafika stoo huwa na akiba ya siku 2 tu. Balaa halichagui siku ambayo stoo imejaa. Kwa hiyo sasa natumia kiwango cha chini kabisa: vizibo vya siku 2, na katoni zilizo tayari nazo zikiwa chini kabisa ni za siku 2. Kuhimili ni siku 4. Nagawanya kwa mauzo ya msimu wa joto, si ya mwezi wa mvua, maana akiba ileile ya boksi hukonda siku wateja wanapoongezeka. Na mzigo ulioko njiani siuhesabu kama unatoka kwa huyohuyo aliyekwama.

Kuna aliyenishauri niongeze ujanja wa kugeuzia vizibo vyote kwenye chupa za lita moja na nusu, kwani shingo ni ileile na kizibo kimoja kinafunga maji mengi zaidi. Ni ujanja mzuri wa kupunguza hasara, na tuliutumia. Lakini usiuingize kwenye hesabu. Muuza maji wa foleni ya Ubungo anataka chupa ndogo. Ukimpa kubwa, kwake umeshamkosesha.

Kupona ni kugumu kupima kwa sababu unamtegemea msambazaji aseme. Ukimuuliza "ukipata tatizo utarudi baada ya muda gani?" atakujibu wiki moja, kila mtu husema wiki moja. Mimi huuliza kitu kimoja kimoja. Moldi ziko ngapi za kizibo chetu? Ikipasuka inatengenezwa wapi, na mara ya mwisho ilichukua siku ngapi? Plastiki ya chenga unanunua kwa nani? Hili la mwisho lina mtego: unaweza kuwa na wasambazaji wawili ukajiona umejikinga, kumbe wote wanategemea kontena la mwagizaji mmoja. Likikwama bandarini, wamekwama wote.

Kisha nilizivunja zile siku 17 za Nairobi kuona zilikwenda wapi. Siku 3 ziliishia kwenye karatasi: kufungua akaunti, kukubaliana bei, benki. Siku 5 zilikuwa za sampuli: kufunga chupa, kuzilaza, kuzibana, kuona kama zinavuja na kama mkono wa kawaida unaweza kufungua. Siku 9 ndizo zilikuwa za kutengeneza mzigo na kuuleta kwa barabara kupitia Namanga.

Hapo hesabu ikawa wazi. Kupona 17, kuhimili 4, pengo siku 13. Kuliziba kwa akiba peke yake kunataka vizibo 234,000; kwa shilingi 20 kimoja, bei tuliyolipa wakati ule, ni shilingi 4,680,000 zimelala stoo. Lakini karatasi na sampuli tunaweza kuzimaliza sasa, wakati hakuna dharura. Zikitoka zile siku 8, kupona kunabaki 9, pengo linakuwa siku 5, na akiba inayohitajika ni vizibo 90,000, yaani shilingi 1,800,000. Bosi alisaini siku hiyohiyo. Tunanunua kwa yule wa Nairobi oda ndogo mara mbili kwa mwaka, kwa sababu sampuli iliyokubaliwa miaka mitatu nyuma haikuambii kama moldi yake bado iko sawa.

Akiba hiyo mzee wa stoo anaizungusha: boksi jipya linaingia nyuma, la zamani linatoka mbele. Tumeihamisha kutoka chini ya mabati, kwenye joto, na haikai chumba kimoja na ile ya kila siku. Moto ukiunguza zote mbili, kuhimili kunarudi kwenye katoni zilizojazwa tu.

Hesabu hii inachukulia kwamba anayeanguka ni mmoja. Mvua zikifunga Jangwani, au umeme ukikatika mkoa mzima, wanaathirika kadhaa kwa pamoja, na mbadala niliyemtegemea anaweza kuwa mmoja wao. Kwa hiyo kwenye jedwali nimeongeza safu ya eneo alipo kila mmoja.

Wiki hii niko kwenye lebo. Mchapaji ameniambia muda wake wa kupona ni siku tatu. Nimemuuliza silinda za kuchapia zinachongwa wapi na kama ana seti ya pili. Tangu Jumanne hajanijibu.