Ripoti moja, matawi matano: kila meneja aone hesabu za tawi lake tu

Hapa Malindi nashughulikia hesabu za duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi matano: Malindi, Watamu, Mpeketoni, Mokowe na Amu mjini. Zamani kila Jumatatu nilikuwa nalikata faili moja la Ekseli vipande vinne, nikimtumia kila meneja chake. Vipande ni vinne kwa sababu Mokowe na Amu ziko chini ya meneja mmoja: saruji inashushwa Mokowe, inavuka kwa mashua, halafu punda wanaifikisha dukani. Siku niliyomtumia meneja wa Watamu kipande cha Mpeketoni, pamoja na majina ya wateja wanaodaiwa, niliona kazi hii haifai tena kufanywa kwa mkono.

Sasa data ni moja, iko Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, inajisasisha alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, na ripoti ni moja. Kinachobadilika ni nani ameifungua. Naeleza nilivyoipanga, na zaidi pale nilipokosea, maana kosa lenyewe halionekani ukiwa umekaa kwenye kompyuta yako.

Kitu cha kwanza ni jedwali dogo nililoliita Ruhusa. Lina safu mbili tu: Barua, yaani anwani ya barua pepe anayoingilia mtu kwenye Power BI, na TawiID. Kila mstari ni mtu mmoja na tawi moja. Meneja wa Amu ana mistari miwili, wengine watatu mmoja mmoja, na mwenye duka ana mitano. Jumla mistari kumi. Jedwali hili halijaunganishwa na jingine lolote.

Kisha kuna jedwali la Matawi, ambalo limeunganishwa na Mauzo, Stoki na Gharama. Kichujio nakiweka kwenye Matawi peke yake, nacho kinateremka hadi kwenye hayo mengine kupitia uhusiano. Ndani ya Power BI Desktop nilifungua `Manage roles`, nikatengeneza jukumu moja tu, Meneja, nikaliandikia Matawi fomula hii:

```
[TawiID] IN
CALCULATETABLE(
    VALUES(Ruhusa[TawiID]),
    Ruhusa[Barua] = USERPRINCIPALNAME()
)
```

`USERPRINCIPALNAME()` inarudisha anwani ya aliyeingia. Fomula inaitafuta kwenye Ruhusa, inachukua matawi yake, na mistari ya matawi mengine haimfikii kabisa. Jedwali la Ruhusa lenyewe, ndani ya jukumu hilohilo, nililipa kichujio cha `FALSE()` ili meneja asiweze kusoma nani amepewa nini. Fomula ya Matawi inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mwanzoni nilitumia `LOOKUPVALUE` badala ya hiyo. Watamu ilikubali, Malindi ikakubali, lakini kwa meneja wa Amu kila chati ilivunjika, kwa sababu `LOOKUPVALUE` inataka jibu moja na yeye ana matawi mawili. Hata kama leo hakuna meneja wako mwenye matawi mawili, andika ya `IN` tangu mwanzo. Meneja akienda likizo, mwenzake atamshikia tawi, nawe utaongeza mstari mmoja tu.

Nilijaribu kwa `View as`: unaweka alama kwenye jukumu la Meneja na pia kwenye `Other user`, kisha unaandika anwani ya mtu. Ukiweka alama moja bila nyingine, jaribio halina maana. Kipimo changu kilikuwa mifuko ya saruji ya wiki moja: Malindi 720, Watamu 390, Mpeketoni 260, Mokowe 210, Amu 260, jumla 1,840. Kwa anwani ya meneja wa Amu ilitoka 470, yaani 210 na 260. Sawasawa. Nikaipandisha ripoti, nikafungua `Security` ya ile data mtandaoni, nikawaingiza mameneja wote kwenye jukumu la Meneja.

Saa tatu asubuhi simu ikalia, meneja wa Mpeketoni.

"Dada, hii 1,840 ni ya nani? Mimi saruji yangu haifiki hata mia tatu."

Alikuwa anaona kila kitu. Fomula ilikuwa sahihi, jukumu lilikuwa sahihi, jina lake lilikuwemo. Kosa lilikuwa kwamba siku ya nyuma, ili waweze kuifungua ripoti, niliwaongeza mameneja kwenye eneo la kazi, yaani `workspace` inamokaa ripoti, kama `Member`. Kichujio cha mistari kinamfunga mtu mwenye cheo cha `Viewer` tu. `Admin`, `Member` na `Contributor` wanahesabiwa kuwa wanaruhusiwa kuibadilisha data yenyewe, kwa hiyo kichujio kinawapita. Na `View as` haiwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa inajaribu fomula, haijaribu cheo. Niliwashusha wote wakawa `Viewer`, nikamwomba afungue upya huku tuko kwenye simu, akanisomea: 260.

Tangu hapo siamini jaribio lolote mpaka mtu mwenyewe afungue kwa akaunti yake na kunisomea namba moja ninayoijua. Na kwa anachokiona najua pa kwenda. Akiona ya wote, natazama cheo chake kwenye eneo la kazi. Ripoti ikifunguka tupu, yuko kwenye jukumu lakini anwani yake hailingani na ya Ruhusa. Mara nyingi ni herufi iliyokosewa, au nafasi iliyoachwa mwanzoni wakati wa kunakili. Chati zikikataa na kutoa ujumbe wa hitilafu, hajaingizwa kwenye jukumu.

Kuna uvujaji mwingine ambao cheo hakiugusi. Baadaye niliongeza jedwali la Madeni nikasahau kuliunganisha na Matawi. Jedwali lisilo na uhusiano na Matawi halichujwi, na yale majina ya wadaiwa yakawa wazi kwa mameneja wote wanne. Kila ninapoongeza jedwali sasa, kabla ya kupandisha naangalia kama mstari wa uhusiano umetoka Matawi na mshale wake unaelekea kwenye jedwali jipya.

Mwenye duka aliomba pia kila meneja aone tawi lake ni asilimia ngapi ya duka zima. Kila mmoja akapata 100%. Hata `ALL`, ambayo kwa kawaida huondoa vichujio, haisaidii hapo, kwa sababu mistari ya wengine imeshaondolewa kabla hesabu haijaanza. Njia ipo: unatengeneza jedwali la jumla ya kila mwezi, lisilo na safu ya tawi, ambalo linakokotolewa wakati data inasasishwa na halina kichujio. Ila muulize mwenye mali kwanza, maana jumla hiyo kila mtu ataiona. Kwa matawi matano si neno. Kwa matawi mawili, meneja anatoa yake kwenye jumla na anabaki na ya mwenzake mkononi.

Jedwali la Ruhusa nalo linasasishwa pamoja na data nyingine. Meneja wa Watamu alipohamishiwa Mpeketoni nilibadilisha mstari wake saa mbili asubuhi, na mchana bado alikuwa anaona Watamu. Leseni ya Pro inaruhusu kupanga usasishaji mara 8 kwa siku, na mimi nilikuwa nimepanga mmoja tu, wa alfajiri. Sasa mtu akihamishwa au akiacha kazi, nabadilisha mstari kisha nabonyeza `Refresh now` papo hapo, na anayeacha kazi namtoa pia kwenye `Security` na kwenye eneo la kazi siku hiyohiyo.