Kadi ya kufafanua huombwa mara moja

Swali la wiki: “Nikitandika kadi za taroti kuhusu mapenzi na jibu likawa halieleweki, je, ni sawa kuongeza kadi ya kufafanua? Na nitajuaje kwamba sasa ninarudia kwa sababu ya wasiwasi tu?”

Mhariri,

Mimi huwasomea watu kadi za taroti hapa Nairobi, na wengi wanaonijia huja na jambo la mapenzi. Ni sawa kuongeza kadi ya kufafanua, mradi mwenye swali aweze kusema, kabla ya kuigusa seti, ni kadi ipi iliyomtatiza na imemtatiza kwa lipi. Asipoweza kusema hivyo, mara nyingi tatizo halimo katika kadi zilizolala mezani. Kadi isiyoeleweka na kadi isiyopendeza ni mambo mawili tofauti, na katika mapenzi mambo hayo huchanganywa kuliko katika swali lolote jingine, kwa kuwa anayeuliza tayari ana jibu analolitamani.

Nitoe mfano, kwa ruhusa ya mhusika. Dada mmoja alikuja kuuliza kuhusu mwanamume ambaye alikuwa akimwandikia kila siku, kisha akapunguza bila kueleza sababu. Tulitandika kadi tatu tu: ya kwanza kwa ajili yake, ya pili kwa ajili ya yule mwanamume, na ya tatu kwa ajili ya kile kilichopo kati yao. Seti niliyotumia ni ile iliyotolewa London mwaka 1909, ambayo Pamela Colman Smith aliichora kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Naitaja kwa sababu katika seti hiyo kila kadi ina picha ya tukio, na usomaji wangu hutegemea picha hizo. Zilitoka Malkia wa Vikombe, Mbili ya Panga na Nane ya Sarafu.

Malkia wa Vikombe anakitazama kikombe chake kilichofunikwa, na dada yule alijitambua hapo bila msaada wangu. Mbili ya Panga inaonyesha mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, ameipa bahari mgongo, akiwa na panga mbili alizozipishanisha kifuani. Hapo ndipo aliposema, “Hii sijaielewa, tuongeze nyingine.” Nilimwomba anieleze anachokiona, naye akaeleza vizuri kabisa: mtu ambaye hajaamua, na ambaye kwa sasa hataki kutazama. Basi alikuwa ameielewa. Kadi ya pili ilikuwa wazi, tena kuliko zote tatu, ila ilisema jambo ambalo hakuja kulisikia, na kuiongezea nyingine kungekuwa kuomba rufaa kwa jina la ufafanuzi.

Iliyokuwa na utata wa kweli ni ya tatu. Nane ya Sarafu ni fundi aliyekaa kwenye benchi akichonga sarafu moja baada ya nyingine, na mji uko mbali nyuma yake. Ikitokea katika swali la riziki haina shida, lakini inapokaa mahali pa uhusiano inaweza kusomwa kwa njia mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja: ama uhusiano huu unajengwa polepole kwa bidii ya wote wawili, ama mmoja wao ndiye anayefanya kazi peke yake. Hapo kadi ya kufafanua ina kazi.

Hata hivyo, kabla ya kuongeza, mtu na azitazame tena kadi alizonazo, kwa maana mara nyingi ufafanuzi umelala papo hapo. Katika kadi zile tatu, watu wote wamekaa: malkia kwenye kiti chake, mwanamke wa panga kwenye benchi la jiwe, fundi kwenye benchi la kazi, wala hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Hakuna kadi ya Fimbo, ambazo ndizo za moto na hatua, na hakuna hata moja kati ya kadi kuu 22. Msomaji mwenye uzoefu angeweza kuishia hapo na kusema kwamba jambo hili limesimama, na kwamba lolote litakalotokea litaanzia kwa yule atakayeinuka kwanza. Sisi tuliendelea, kwa sababu swali la nani anayefanya kazi lilikuwa bado halijajibiwa.

Tuliliandika swali hilo kwenye karatasi kabla ya kuchanganya: “Kazi hii inafanywa na nani?” Kisha tukavuta kadi moja na kuiweka upande wa ile ya fundi, ikiigusa, ili isije ikaonekana kama nafasi ya nne yenye maisha yake. Ilikuwa Sita ya Sarafu, yaani tajiri mwenye mizani mkononi anayewagawia sarafu watu wawili waliopiga magoti. Kadi ya kufafanua haisomwi kama jibu jipya. Inaisemea kadi iliyowekwa kando yake, kama vile kivumishi kinavyolisemea jina. Jina letu lilikuwa kazi, na kivumishi kikasema kwamba kutoa na kupokea hakulingani. Fundi hakuondolewa mezani, ila tulijua sasa kwamba fundi ni mmoja.

Tukaishia hapo. Sheria ninayoifuata ni kwamba kadi ya kufafanua haifafanuliwi, na nikishindwa kuisoma ile moja huiacha mezani na kusema wazi kwamba hapo sikuona kitu. Wanaoijua ramli watatambua kwamba wazo hili si geni kwetu. Katika ramli, sura nne za kwanza hutokana na alama zinazopigwa, nyingine zote huzaliwa kutokana na hizo, na ya kumi na tano ndiyo yenye hukumu. Hukumu ikiwa nzito kueleweka, iko sura ya kumi na sita, ambayo hupatikana kwa kuijumlisha ya kumi na tano na ya kwanza. Hakuna alama mpya inayopigwa, kwani ufafanuzi hutolewa ndani ya kile kilichokwisha kupatikana.

Dada yule alipofika nyumbani alifungua programu ya kadi kwenye simu, akavuta kadi kuhusu mwanamume yuleyule. Alipata Shujaa wa Vikombe, yule mpanda farasi anayeleta kikombe mkononi, akafurahi. Usiku akataka kuhakikisha, akapata Tatu ya Panga, moyo uliochomwa panga tatu kwenye mvua. Akavuta tena ili aelewe zile mbili zinapatanaje, ukatoka Mwezi, ambao wasomaji wengi huuhusisha na udanganyifu na hofu za usiku. Aliniandikia akiniomba nimweleze kadi ipi kati ya hizo ndiyo ya kweli.

Hapa hesabu inasaidia kuliko mafumbo. Seti ina kadi 78. Tuseme unazihesabu 13 kuwa za heri katika mapenzi, kama Wapenzi, Mbili ya Vikombe, Kumi ya Vikombe, Jua na nyinginezo. Hiyo ni moja kwa sita. Ukivuta kadi moja, nafasi yako ya kupata ya heri ni ndogo. Ukivuta nne mfululizo bila kurudisha, nafasi ya kukutana na angalau moja ya heri inazidi nusu kidogo, na ukivuta sita inafika takriban asilimia 68. Nasi tukizihesabu 13 nyingine kuwa za kutisha, hesabu ni hiyohiyo. Kwa hiyo anayerudia atakutana na Shujaa na pia atakutana na moyo uliochomwa, hata kama hakuna chochote kilichobadilika kwa yule mwanamume. Mgongano aliotaka nimfafanulie ulitokana na wingi wa kadi alizovuta.

Kuna sababu ya pili inayofanya kurudia kusitulize. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichapisha jaribio ambamo watu walikagua jiko la gesi la kuigiza kwenye kompyuta, tena na tena. Waliorudia-rudia walikumbuka hali ya jiko sawasawa na wenzao, lakini kumbukumbu yao ilififia na imani yao juu yake ikapungua. Kwa maneno mengine, kule kukagua kwenyewe ndiko kulikozaa shaka. Kadi si jiko, lakini hayo hayo nimeyaona kwa watu: anayetandika mara moja na kuandika alichokiona hubaki na usomaji anaoweza kuurejea, ilhali anayetandika kila jioni hawezi tena kukwambia kadi za kwanza zilikuwa zipi.

Dalili hazifichiki ukizitafuta. Ya kwanza ni kwamba swali linasinyaa: lililoanza kama “kuna nini kati yetu” linakuwa “ananipenda au hanipendi”, kisha “ataandika leo”. Ya pili ni mkono kuanza kuchanganya kabla jicho halijaimaliza kadi iliyotoka. Ya tatu, ambayo mimi huiona kuwa ya hakika zaidi, ni mahali unapoachia. Aliyepanga kuvuta moja huachia kwenye hiyo moja, iwe nzuri au mbaya. Mwenye wasiwasi huachia anapopata anayoitaka, na nafuu anayoipata haidumu, kwa sababu moyoni anajua kwamba ameichagua. Wapo pia wanaozipiga picha kadi hizohizo na kuwatumia wasomaji watatu, wakamwamini yule aliyesema vizuri.

Ndiyo maana mimi sikubali kutandika tena swali lilelile mpaka kitu kiwe kimebadilika nje ya kadi: wamezungumza, amesafiri, ameomba radhi, ameoa. Baadhi ya wenzangu huweka mwezi mmoja, na hilo pia linafaa, ila mwezi unaweza kwisha bila tukio lolote na swali likarudi jinsi lilivyokuwa. Ikiwa mtu hawezi kungoja, ikiwa anaamka usiku kutazama kama yule mwenzake yuko mtandaoni kisha anavuta kadi, huyo simwongezei usomaji. Namwambia kwamba kuna washauri wa saikolojia wanaoshughulikia tabia hii ya kutafuta uhakikisho, na kwamba njia mojawapo wanayoitumia ni kumzoesha mtu kukaa na shaka bila kukagua. Wala asimwendee msomaji anayetoza kwa kila kadi ya nyongeza, kwa kuwa huyo hulipwa kwa kuendelea kwa shaka yake.

Dada yule nilimjibu kwamba sitazisoma kadi za simuni, nikamrudishia karatasi yake yenye zile tatu na Sita ya Sarafu. Alikuja baadaye na swali jingine: amweleze vipi mwanamume huyo kwamba amechoka kuwa wa kwanza kuandika. Hilo tulilitandikia, kadi tatu, na hatukuhitaji ya nne.