Picha 2160 za maji kujaa Jambiani, na video iliyokosa watu

Siku ya bamvua, maji ya Jambiani, Unguja, huwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na hujaa tena kama saa kumi jioni. Kina mama wa mwani huwa wako mbali mchangani, katikati ya vijiti na kamba zao, kisha wanarudi maji yakianza kuwafuata. Niliitaka safari hiyo nzima kwenye video fupi. Nikafunga kamera kwenye miguu mitatu, nikaiweka ipige picha moja kila sekunde 10. Saa sita ni sekunde 21,600, kwa hiyo nikapata picha 2160.

Jioni niliziweka zote kwenye folda moja na kuandika amri fupi kuliko zote ya ffmpeg, programu ya kutengeneza video kwa amri za maandishi:

```
ffmpeg -i DSC_%04d.JPG maji.mp4
```

Hiyo `%04d` inaiambia ffmpeg kwamba jina lina namba ya tarakimu nne. Video ikatoka, ikacheza vizuri kwenye kompyuta yangu. Kesho yake nikampelekea mama mmoja aliyekuwemo kwenye zile picha. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, nikampa faili kwenye simu yake. Akabonyeza, kioo kikabaki cheusi.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, ukubwa: kamera yangu hutoa picha za pikseli 6000 kwa 4000, na ffmpeg haipunguzi kitu usipoiambia. Simu nyingi haziwezi kufungua video pana kiasi hicho. Pili, namna rangi zilivyohifadhiwa. Picha za JPEG za kamera nyingi huwa na rangi za aina ya `yuvj422p`, na ffmpeg huipeleka aina hiyo hiyo hadi kwenye video. Kompyuta inaielewa, lakini simu na televisheni nyingi zinataka `yuv420p`. Utaijua hali hii kwa kusoma mstari wa `Stream` ambao ffmpeg huuandika kwenye skrini inapoanza kazi: ukiona 422 au 444 upande wa video inayotoka, usimtumie mtu.

Nikarekebisha, safari hii simu ikaifungua. Mama akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, mbona sisi hatumo?"

Kweli hawakuwemo. Video ilianza maji yakiwa yameshafika nusu. Kosa hili ndilo hasa lililonifanya niandike, kwa sababu ffmpeg haikulalamika hata kidogo.

Kamera huhesabu mpaka 9999 kisha hurudi 0001. Picha yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa `DSC_9258`. Kufika saa sita mchana namba zikaisha, kamera ikafungua folda mpya na kuanza upya, ikamalizia `DSC_1418`. Mimi nilizichanganya folda mbili kuwa moja. Sasa, ffmpeg usipoitajia namba ya kuanzia, hutafuta picha yenye namba kati ya 0 na 4. Ikaikuta 0001, ikaenda nayo mpaka 1418, ikakosa 1419, ikahesabu kwamba kazi imekwisha. Picha 742 za mwanzo, zile zenye kina mama, haikuzigusa. Na hata ningeiambia `-start_number 9258`, ingefika 9999, ingetafuta `DSC_10000`, ingeikosa na kusimama hapo. Pengo la namba moja tu linatosha kuikata video, kwa mfano ukifuta picha iliyoharibika katikati.

Wengine hushauri kutumia `-pattern_type glob -i '*.JPG'`, ambayo haijali mapengo. Kwa picha ulizofuta katikati inafaa. Kwa hali yangu ingeharibu zaidi, maana hupanga kwa alfabeti: 0001 ingetangulia 9258, maji yajae kwanza, kisha ghafla yawe yamekupwa.

Dawa ni kuzipa picha namba mpya kwa mpangilio wa kupigwa. Nilirudi kwenye folda mbili za kamera, nikaziita `a` na `b`:

```
mkdir kazi; n=1
for f in a/*.JPG b/*.JPG; do
  ln "$f" kazi/$(printf %05d $n).jpg
  n=$((n+1))
done
```

`ln` haitengenezi nakala, inaongeza jina la pili kwa faili lile lile, kwa hiyo diski haijai. Diski yako ikikataa, weka `cp`. Halafu `ls kazi | wc -l` ikanipa 2160. Namba hiyo iandike kando, maana mwisho wa kazi ffmpeg huonyesha `frame=` na idadi ya fremu ilizoandika. Zisipolingana, kuna picha zimepotea.

Ikabaki kasi. Nilichagua fremu 24 kwa sekunde: 2160 gawanya kwa 24 ni sekunde 90, na kila sekunde ya video inabeba dakika nne za kweli. Kwa 12 ingekuwa dakika tatu, na ukingo wa maji ungeonekana kusukumwa kwa vipande vipande. Kwa 30 ni sekunde 72, mwendo laini zaidi, ila jicho linakosa muda wa kuwaona watu. Watu wenyewe bado wanarukaruka, kwa sababu ndani ya sekunde 10 mtu ameshapiga hatua nyingi. Hilo haliponi kwa kubadili kasi. Ningewataka watembee, ningepiga kila sekunde 3 tangu asubuhi.

Kasi hiyo iandike kwa `-framerate`, tena kabla ya `-i`. Ukiiacha na kuweka `-r 12` baada ya `-i`, ffmpeg itasoma picha kwa kasi yake ya kawaida, 25 kwa sekunde, kisha itatupa zaidi ya nusu ili ibaki na 12. Urefu wa video haubadiliki, kwa hiyo usipotazama `frame=` hutashtuka.

```
ffmpeg -framerate 24 -i kazi/%05d.jpg \
  -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080:0:200" \
  -c:v libx264 -crf 18 -preset slow \
  -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart maji.mp4
```

Picha ikipunguzwa hadi upana wa 1920, kimo kinakuwa 1280. Hiyo `-2` inahakikisha kimo kinagawanyika kwa mbili, la sivyo kodeki, yaani kile kinachoibana video iwe faili dogo, inakataa. Kisha nakata pikseli 200 za juu, maana mbingu ilikuwa tupu na mchanga niliuhitaji.

Kodeki ya `libx264` inatoa H.264, na hiyo ndiyo ninayomtumia mtu nisiyejua simu yake ni ya mwaka gani. H.265 hupunguza ukubwa wa faili, lakini simu za zamani huikataa, na kwangu video isiyofunguka haina faida hata ikiwa ndogo. Kuhusu `-crf`, namba ndogo ni ubora zaidi na faili kubwa zaidi. Kuongeza 6 hupunguza ukubwa kama nusu. Ya kawaida ni 23, na kwa video ya simu inatosha. Hapa viwimbi vya fremu moja havifanani kabisa na vya fremu inayofuata, maana vimeachana sekunde 10, hivyo kodeki haina cha kuazima kutoka fremu iliyopita. Kwa 23 mchanga uliolowa ulikuwa na mabaka. Kwa 18 yaliondoka, nikakubali faili kubwa.

Nilirudi Jambiani nayo. Mama akaisimamisha kwenye sekunde ya 20, akaweka kidole juu ya doa jekundu kando ya kamba. "Huyu ni mimi. Ilikuwa saa ngapi?" Dakika nne mara 20 ni dakika 80. Saa tano na dakika ishirini.